Kabla Hujafuta Kidole Chako

Wanangu, benki haina alama ya kidole chenu. Naanza na hilo kwa sababu vijana wengi wanaoniletea simu mezani pangu Konyo Konyo, wakinung'unika kwamba benki imekataa kidole, wanadhani huko makao makuu kuna mashine iliyotunza alama zao na kwamba siku hiyo mashine imeamka vibaya. Kwa kuwa wanaamini hivyo, hubonyeza tena na tena mpaka simu inajifunga, kisha humtafuta mtu wa "kurekebisha benki". Na pesa hupotea hapo, katika ile nusu saa ya hasira baada ya kidole kukataa.

Mimi nimekaa kwenye meza ya ufundi tangu enzi za simu za vitufe. Nimeona KCB ikifungua milango hapa Juba mwaka 2006 na Equity ikifuata mwaka 2009, nyakati ambazo kuangalia salio kulikuwa kazi ya asubuhi nzima kwenye foleni. Leo mnaangalia salio mkiwa mmekaa juu ya bodaboda mkisubiri abiria. Sina ugomvi na hilo. Ila hakuna aliyewaketisha akawaeleza kinachopita kati ya kidole na salio, basi niacheni niwaeleze mimi.

Siku unaposajili kidole kwenye simu, kisomaji hukipima mara kadhaa, kila mara kwa upande tofauti kidogo, kisha simu hugeuza vipimo hivyo kuwa hesabu na kuzifungia katika sehemu ya chipu iliyotengwa na mambo mengine yote. Kwenye iPhone sehemu hiyo inaitwa Secure Enclave, na simu za Android zina chumba chao cha aina hiyo hiyo. Hakuna programu inayoruhusiwa kuchungulia humo, hata ya benki. Baadaye unapowasha kidole ndani ya programu ya benki, programu inakutaka kwanza uingie kwa nenosiri lako. Ukishaingia, ile iliyotengenezwa vizuri huiomba simu itunge ufunguo wa siri, iuhifadhi katika chumba kile kile, na iuwekee sharti kwamba usitumike mpaka kidole kimethibitishwa. Fikirieni askari wa getini mwenye kitita cha funguo. Wewe unamwonyesha kidole, yeye anakilinganisha na alichokiandika daftarini, na akiridhika anatoa ufunguo. Benki inapokea kilichofanywa na ufunguo. Kidole chenyewe hakijatoka getini.

Sasa shikeni jambo moja ambalo vijana hawalijui, nalo ni zito: yule askari hajui jina lako. Anajua vidole vilivyomo daftarini, basi. Programu ya benki inapouliza, simu hujibu "ndiyo" au "hapana", na haisemi kidole kipi kati ya vilivyosajiliwa. Ukimwekea mdogo wako kidole ili acheze mchezo, ukamwekea mchumba ili asikasirike, ukamwekea rafiki mnayelala naye chumba kimoja Gudele, kisha ukawasha kidole kwenye benki, hao wote wameingia benki pamoja nawe. Hawakuvunja kitu. Umewaandika daftarini kwa mkono wako mwenyewe.

Je, mtu akiongeza kidole chake baada ya wewe kuwasha benki? Hapo mafundi waliounda mfumo waliwaza vyema. Kwa kawaida kidole kipya kinapoingia daftarini, ule ufunguo wa benki huharibiwa papo hapo na haufufuki. Programu ikijaribu kuutumia inaambiwa ufunguo umekufa, na inarudi kwako na ujumbe wa namna ya "alama zimebadilika, ingia kwa nenosiri". Vijana wanauchukia ujumbe huo, wanauona kama hitilafu. Mimi naupenda kuliko jumbe zote za simu. Maana yake, kama wewe hukugusa chochote na ujumbe huo umetokea, basi kuna mtu anayejua PIN ya simu yako ameingia kwenye mipangilio na kuandika kidole chake. Usikimbilie kuwasha kidole upya. Nenda kwanza kwenye mipangilio ya alama za vidole uhesabu zilizomo. Ukikuta moja usiyoijua, ifute, badilisha PIN ya simu, kisha ndipo urudi benki. Ukiwasha kabla ya kufanya hayo, utakuwa umempa ufunguo mpya yule yule mtu.

Niwape kisa cha mpwa wangu mmoja, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo mtu anaweza kufanya. Kijana huyu anafyatua matofali kando ya mto. Simu yake ni Tecno yenye kisomaji pembeni, kwenye kitufe cha kuwashia. Asubuhi kidole kinakubali, jioni kinakataa. Jumamosi moja jioni alitaka kutuma pesa kwa mama yake. Akagusa, ikakataa, akagusa tena, hadi mara ya tano simu ikaandika Too many attempts na kisomaji kikagoma kwa nusu dakika. Huo ni utaratibu wa Android: makosa matano, unasubirishwa sekunde 30. Ukizidi kung'ang'ania raundi baada ya raundi, kisomaji kinafungwa kabisa mpaka uandike PIN ya simu. iPhone haina subira hata hiyo. Baada ya makosa matano inataka namba ya siri moja kwa moja. Mpwa wangu aling'ang'ania mpaka akafungiwa.

Jirani akamshauri afute vidole vyote asajili upya. Ushauri huo nusu yake ni mzuri. Akafuta, akanawa, akasajili, na simu ikafunguka vizuri kuliko siku zote. Akafurahi. Akafungua benki, benki ikamwambia alama zimebadilika, weka nenosiri. Sasa nenosiri lenyewe alilitunga siku alipofungua programu na hakuliandika tena tangu hapo, kwa sababu kidole kilikuwa kinamfanyia kazi hiyo kila siku. Akakisia, akakosea, akakisia tena mpaka benki ikafunga akaunti kwa usalama. Kufika saa mbili usiku alikuwa amejiaminisha kwamba ameibiwa, akaandika kilio chake Facebook. Ndani ya dakika chache "mhudumu wa benki" akamwandikia faraghani akimwomba namba ya simu na ile namba ya mara moja itakayofika kwa ujumbe mfupi. Kilichomwokoa ni kwamba salio la intaneti liliisha. Jumapili akaja kwangu.

Tukianza mwanzo, angefanya nini? Kidole kinapokataa ndani ya benki, toka humo. Funga skrini, kisha jaribu kidole hicho hicho kufungua simu yenyewe. Jaribio hili halichukui muda, na linatenganisha mambo ambayo vijana huyachanganya. Simu nayo ikikataa, tatizo liko kwenye kidole au kisomaji, na benki haihusiki. Simu ikifunguka bila shida lakini benki inakataa, kidole chako ni kizima na tatizo liko kwenye ule ufunguo au kwenye programu. Kuna hali ya tatu ambayo hapa Juba tunaiona mno: kidole kinakubaliwa, alama ya tiki inatokea, kisha duara linazunguka na kuzunguka mpaka linaandika kwamba haikuwezekana kuingia. Hapo askari ameshatoa ufunguo zamani. Njia ya kwenda benki ndiyo iliyokatika, ama ni mtandao wa simu, ama seva ya benki imelala. Kusugua kidole hakutaamsha seva. Subiri, jaribu laini nyingine, au jaribu kesho.

Kwa mpwa wangu simu yenyewe ilikuwa inakataa jioni, kwa hiyo jibu lilikuwa kwenye ngozi. Kisomaji cha pembeni hupima umeme mdogo kati ya bamba lake na matuta ya kidole. Pale tuta linapogusa kipimo ni kimoja, na pale penye bonde ni kingine. Udongo mkavu ukijaza mabonde, tofauti inapotea. Jasho likifunika kote, inapotea pia. Na mtu anayeshika tofali mbichi mchana kutwa anafika jioni na ngozi iliyochoka, inayopata nafuu akinawa na kupumzika, ndiyo maana asubuhi kidole kilikuwa kinakubali. Dawa yake ilikuwa kunawa, kukausha kabisa, kupaka mafuta kidogo na kuacha yaingie, kupangusa kisomaji kwa kitambaa kikavu, na kusajili kidole kisichofanya kazi nzito. Yeye hushika tofali kwa mikono miwili, lakini kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilikuwa bado na mistari iliyo wazi. Tukasajili hicho. Tukasajili pia kidole gumba mara mbili, mara moja asubuhi kikiwa safi na mara moja jioni kikiwa kimechoka, kama vidole viwili tofauti. Simu yake haikuwa na neno na hilo.

Ila kabla ya kufuta au kuongeza kidole chochote, hakikisheni mnalijua nenosiri la benki. Nasema kuhakikisha, maana kudhani mnalijua hakutoshi: toka kwenye akaunti na uingie kwa kuliandika, siku ambayo huna haraka wala dharura, na laini ya simu iliyosajiliwa benki iwe hewani ikipokea ujumbe. Wengi wenu mna laini ya MTN na ya Zain, mkivuka Nimule mnanunua ya Uganda, na ile iliyoandikwa benki inalala kwenye droo mpaka inafungwa. Siku kidole kikikataa, benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini iliyokufa.

Kuna kukataa kwingine ambako si kosa la mtu wala la mashine. Simu ikizima na kuwashwa upya, haitakubali kidole wala uso mpaka uandike PIN mara moja. Katika mji ambao umeme ni wa kubahatisha na simu huzima kila mara kwa kukosa chaji, hili hutokea kila kukicha na watu hudhani kisomaji kimekufa. Hata simu isiyozima, Android huomba PIN kila baada ya muda, kwa kawaida saa 72 tangu ulipoiandika mara ya mwisho, na iPhone huiomba kama hujaifungua kwa saa 48. Imekusudiwa hivyo ili usiisahau PIN, na ili mwizi mwenye simu yako na wewe uliyelala asipate muda usio na mwisho.

Kisomaji kilicho chini ya kioo kina hila zake. Aina ya kawaida hupiga mwanga kutoka chini ya skrini na kupiga picha ya kidole, hivyo kioo cha kulinda kilicho kinene, chenye mapovu au mikwaruzo kinaiharibu picha. Lakini kioo hicho kinaweza pia kufanya kinyume. Mwezi Oktoba 2019 Samsung ilikiri kwamba simu zake za Galaxy S10, ambazo kisomaji chake hutumia mawimbi ya sauti, zilikuwa zikikubali kidole cha mtu yeyote zikivikwa baadhi ya vikinga skrini vya silikoni, kwa sababu simu ilikuwa imesajili michoro ya kikinga chenyewe kama alama ya kidole. Benki kadhaa ziliwazuia wateja wenye simu hizo mpaka marekebisho yalipotoka. Kwa hiyo ukibadilisha kioo cha kulinda, usajili upya vidole, kisha mpe rafiki ajaribu kufungua kwa kidole ambacho hakimo. Ikifunguka, vua kioo hicho papo hapo.

Na mkipasua skrini yenye kisomaji cha chini, mjue kwamba skrini mpya inaweza kuhitaji kusawazishwa kwa programu ya kiwanda ili kisomaji kifanye kazi. Kwenye iPhone za zamani zenye kitufe cha mbele, kitufe kimefungamanishwa na ubao wa simu ile moja. Ukiletewa kitufe kingine na fundi wa mtaani, hata kikibonyezeka hakitasoma kidole. Fundi akikuahidi kinyume, chukua simu yako uondoke, hata kama fundi huyo ni mimi.

Kuhusu uso sitasema mengi, kwa kuwa simu nyingi mnazobeba zina uso wa mapambo. Kamera ya mbele peke yake inaona picha bapa, na Android kwa kawaida huziweka nyuso za namna hiyo katika daraja la chini: zinaweza kufungua simu, lakini haziruhusiwi kutoa ufunguo wa benki. Ndiyo sababu uso wako unafungua skrini vizuri, halafu benki haikuonyeshi hata chaguo la uso. Hakuna kilichoharibika. iPhone tangu ile X ya mwaka 2017 hutumia njia nyingine, hurusha vitone zaidi ya 30,000 vya mwanga usioonekana na kupima mabonde na vilima vya uso, kwa hiyo inafanya kazi hata jenereta ikizimwa. Apple husema nafasi ya mtu wa kuokota kukufungulia simu ni chini ya moja kati ya 1,000,000 kwa uso, na moja kati ya 50,000 kwa kidole kimoja, lakini wenyewe wanaonya kuhusu mapacha na ndugu wanaofanana. Ikikukataa kila uvaapo miwani fulani myeusi, jaribu bila hiyo, maana baadhi ya vioo huzuia ule mwanga. Ukivaa kilemba siku fulani na siku nyingine huvai, kuna sehemu ya mipangilio inayoitwa Set Up an Alternate Appearance. Isajilie sura ya pili ya kwako, usimsajili mtu mwingine humo.

Msichanganye uso huo na ile picha ambayo benki inakuomba ujipige unapofungua akaunti au unapohamia simu mpya. Picha hiyo inaondoka kwenye simu, inakwenda kulinganishwa na kitambulisho chako kwenye seva. Ikikataliwa, sababu mara nyingi ni mwanga: umesimama umeupa mlango mgongo, sura yako imekuwa kivuli. Geukia mwanga, futa kamera, jaribu tena. Teknolojia hiyo nayo haitutazami sote kwa jicho moja. Mwezi Desemba 2019 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za kutambua nyuso na kukuta kwamba nyingi humkubali mtu asiye mwenyewe mara nyingi zaidi kwa nyuso za Afrika Mashariki na Magharibi kuliko kwa nyuso za Ulaya Mashariki. Mwenye ndugu wanaofanana naye asitegemee picha hiyo imlinde. Na mtu akikuahidi pesa kidogo ujipige picha hiyo kwa simu yake, anafungua akaunti kwa sura yako, na wa kuitwa polisi utakuwa wewe.

Sasa lile ninaloliogopa kuliko vumbi na jasho. Mwezi huo huo wa Desemba, lakini mwaka 2023, kampuni ya usalama ya Uholanzi, ThreatFabric, ilieleza toleo jipya la programu haribifu iitwayo Chameleon. Ilikuwa ikiwawinda wateja wa benki za Uingereza na Italia, ikijivika sura ya kivinjari cha Chrome. Wezi hawa hawakuweza kuiba kidole, kwa sababu nilizowaeleza, kidole hakitoki chumbani. Basi wakafanya kitu cha werevu: walikizuia. Programu yao ikishapewa ruhusa ya Accessibility, ile iliyokusudiwa kuwasaidia watu wenye ulemavu wa macho au mikono, ilikuwa inakatiza ombi la kidole na kuilazimisha simu iombe PIN. Mwenye simu anaandika PIN, programu inainakili, na baadaye inaifungua simu yenyewe.

Mnaona ninakoelekea. Kidole kinachokataa ghafla kinaweza kuwa ndiyo dalili ya wizi. Ninyi mnarushiana programu kwa Bluetooth na kwa kadi ya kumbukumbu ili msile bando, na sina hakika ni wangapi kati yenu mnajua faili hiyo ilipita mikono ya nani kabla ya kufika kwenu. Tofauti ya kutazama ni hii. Kidole kichafu hujaribiwa, simu hutetemeka na kuandika kwamba haikukitambua. Wizi wa aina ile hautoi nafasi hiyo, kwa sababu dirisha la kidole linachomoza na kutoweka kabla hujagusa, au halichomozi kabisa, na mara PIN inatakiwa, tena na tena, ingawa simu haikuzima. Ukiona hivyo usiandike PIN yoyote ya benki. Zima intaneti na laini, fungua Settings, ingia Accessibility, uangalie ni programu zipi zimewashwa humo. Kivinjari hakina kazi ya kufanya humo, wala tochi, wala mchezo wa mpira. Zima usiyoitambua na uiondoe. Kama inajirudisha au simu inakutoa kila ukifika pale, basi simu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani baada ya kuokoa picha zako tu, na nenosiri la benki libadilishwe kwa kutumia simu nyingine, siku hiyo hiyo.

Mtakuwa mmegundua kwamba njia zote nilizotaja zinaishia kwenye PIN ya simu. Kidole kikichoka inaombwa PIN, kidole kipya hakiongezwi bila PIN, mwizi anatafuta PIN. Kwa hiyo 1234 na mwaka wa kuzaliwa viondoke leo. PIN ya simu isifanane na ya benki wala na ya m-GURUSH. Na unapoacha simu kwa fundi, usimwachie namba hiyo kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa simu, kama nionavyo kila siku kwenye meza za wenzangu. Kubadilisha betri au tundu la chaji hakuhitaji PIN. Kama fundi lazima ajaribu kitu ndani, keti, ifungue wewe, mtazame. Na kama hukuweza kuketi, ukirudi nyumbani hesabu vidole vilivyosajiliwa.

Wapo ambao kidole hakitawafaa kamwe, nao wasihangaishwe. Dada zetu wanaoponda kokoto kule Jebel, wengine vidole vyao havina mstari uliobaki, na kumwambia mtu huyo apake mafuta ni kumdhihaki. Aende na PIN ndefu ya tarakimu sita, aiandike akiifunika kwa kiganja, na kidole akizime kabisa kwenye benki ili kisiwe kinamkatalia mbele ya wateja. Vivyo hivyo bibi harusi aliyepakwa hina nzito vidoleni asihangaike kusajili upya, maana hina ikipauka, usajili ule utakuwa umepitwa.

Mpwa wangu alikwenda tawini Jumatatu. Alibeba kitambulisho, simu yenyewe na ile laini iliyoandikwa kwenye akaunti, ikiwa hewani. Namba ya huduma kwa wateja aliichukua nyuma ya kadi yake ya benki, hakuitafuta Facebook. Dirishani alieleza kilichotokea kwa mpangilio, kwamba kidole kilikataa, akasajili upya, akakosea nenosiri, akafungiwa. Hakusema ameibiwa, kwa sababu hakuibiwa, na neno hilo lingeanzisha uchunguzi wa wiki nzima. Walimthibitisha, wakafungua akaunti, akaunda nenosiri jipya akiwa palepale, akaliandika mara mbili kwa mkono wake akiingia na kutoka. Kisha akafungua mipangilio ya simu, akahesabu vidole vilivyomo, vyote vyake, na ndipo akawasha kidole upya ndani ya programu ya benki.